Karatasi ya simu ngumu: yadi ya mbao Mafinga na mkandarasi wa Dodoma

Mbao 500 za 2x4 za kuezekea madarasa zimeshushwa saiti Dodoma, fundi wa mteja amezichambua na kuweka pembeni 74 zilizopinda. Nyingine 300 za oda ileile bado ziko yadi Mafinga, na tarehe ya kuzifikisha imepita wiki moja sasa. Mteja ametuma picha sita na meseji ya maneno mawili: "Meneja anipigie." Wewe ndiye unayemwandalia meneja karatasi ya hoja, na una kama saa moja na nusu.

Mwongozo huu unafuata simu hiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei na idadi ni za mfano, lakini mpangilio ndio unaotumika. Karatasi iwe moja, hoja zote upande mmoja, kwa mwandiko ambao meneja anausoma akiwa amesimama. Ukimpa kurasa tatu atasoma ya kwanza tu, na kilichokuwa muhimu kitakuwa kwenye ya tatu.

Hatua ya kwanza: hesabu, kabla ya neno lolote

Toa LPO, yaani oda ya maandishi ya mteja, delivari noti iliyosainiwa, na stakabadhi za malipo. Usiandike kutoka kichwani, wala usichukue namba kwa mhasibu peke yake, kwa sababu mhasibu anaona deni na mtu wa yadi anaona mbao. Hesabu mbili hizo zikiachwa bila kukutanishwa, mteja ndiye atakayezikutanisha, tena kwenye simu.

Oda ni mbao 800 za futi 12, zilizotiwa dawa, kwa shilingi 9,500 moja, kodi ikiwa ndani. Jumla ni 7,600,000. Mteja alitanguliza asilimia 60, yaani 4,560,000. Mhasibu atakwambia mteja anadaiwa 3,040,000, na atataka hilo liingie kwenye karatasi. Ngoja kwanza. Kati ya mbao 500 zilizofika, nzuri ni 426. Thamani yake ni 4,047,000. Kwa hiyo leo hii mteja amelipa zaidi ya alichopata, na anatudai 513,000. Meneja akifungua mdomo kuulizia salio, mkandarasi mwenye kikokotoo atammaliza kwa sentensi moja. Hoja ya salio inafutwa kabisa kwenye karatasi ya leo. Itarudi yenyewe mzigo ukikamilika, kama LPO inavyosema.

Baada ya hapo mpigie fundi wa saiti, si mteja. Muulize mambo mawili tu: kwa hizo 426, kenchi za jengo lipi zinaweza kumalizika? Na je, kazi imesimama leo au bado inaenda? Jibu la swali la pili linaweza kubadili mpangilio mzima wa hoja, kama utakavyoona.

Mwisho nenda yadi mwenyewe. Usikubali kuambiwa "zipo tayari kama mia tatu". Chukua kipima unyevu, pima mbao moja katika kila kumi, na usipime za juu peke yake. Zile za juu na za pembeni hupigwa na upepo na jua, kwa hiyo zinakauka mapema. Za katikati ya mrundiko, hasa mahali ambapo vijana wamesahau kuweka vijiti vya kupitisha hewa kati ya safu na safu, utazikuta bado zina ubaridi ukizigusa kwa kiganja. Kama yadi haina kipima, pima uzito wa mbao chache za katikati zilizowekwa alama, siku baada ya siku. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado inatoa maji.

Tuseme umepima na kukuta 210 zimekauka, unyevu wake ni asilimia 18 au chini yake. Jumla inayotakiwa kwenda Dodoma ni 300 zilizobaki na 74 za kubadilisha, yaani 374. Kwa hiyo 164 bado. Mtu wa yadi anasema zitakuwa tayari tarehe 24. Kipindi cha mvua usiandike tarehe 24. Andika 26. Siku mbili za ukungu Mafinga zinatosha kumfanya meneja apige simu ya pili ya aina hii, na ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hatua ya pili: jua chanzo, kisha kiweke chini

Meneja lazima ajue kwa nini mbao zimepinda, lakini si kwa ajili ya kuanza nacho. Katika mfano huu chanzo kiko wazi. Dawa inayotumika kwenye mitambo mingi, CCA, inaingizwa ndani ya mbao kwa mgandamizo ikiwa imechanganywa na maji. Mbao inayoingia mtamboni ikiwa kavu inatoka ikiwa mbichi tena, na inahitaji wiki mbili au tatu nyingine kwenye vijiti. Mzigo huu ulipakiwa siku nne baada ya dawa. Ukafika Dodoma, ambako hewa ni kavu na jua kali, ukamwagwa chini bila kivuli, ukakauka upande mmoja kwa haraka. Misindano iliyovunwa ikiwa michanga, ambayo ndiyo mingi kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao za watu binafsi, hujinyonga zaidi kuliko miti iliyokomaa, kwa sababu nyuzi zake karibu na kiini huzunguka.

Maelezo hayo ni sahihi yote, na yote yatasikika kama kujitetea yakitangulia. Ukimwambia mteja habari ya jua la Dodoma kabla hujakubali kosa, atasikia unalisingizia jua lake. Kwa hiyo chanzo kinaandikwa mwisho wa karatasi, kwa mstari mmoja, na juu yake unaandika: AKIULIZA TU.

Hatua ya tatu: panga hoja kwa kuuliza simu ikikatika

Watu wengi hupanga hoja kwa mtiririko wa matukio: oda ilipokelewa lini, ikapasuliwa lini, ikatiwa dawa lini. Huo ni mpangilio wa ripoti. Kwa simu, jiulize hivi: ikikatika baada ya dakika moja, mteja awe amebaki na nini mkononi? Hicho ndicho namba moja. Ikikatika baada ya dakika mbili je? Hicho ni namba mbili. Mkandarasi anaongea akiwa saiti, mashine ya zege inazunguka, mafundi wanamwita, na mtandao unaweza kupotea wakati wowote.

Kwa kesi hii karatasi inatoka hivi:

1. Mbao 74 ni kosa letu. Tunazibadilisha zote, hulipi chochote, wala usafiri.
2. Mbao 210 kavu zinaondoka Mafinga Alhamisi tarehe 12 alfajiri, zinafika siku hiyohiyo jioni. 164 zinafika tarehe 26.
3. Tunahitaji uamuzi wako leo: tulete hizo 210 sasa, au usubiri zote zije pamoja?
4. Zilizopinda zisikatwe wala zisichomwe hadi gari lifike.

Basi. Hoja nne. Ya tano ingekuwa chanzo, nayo tumeshaishusha.

Tazama kwamba namba tatu ni swali. Karatasi isiyo na swali humfanya meneja aongee hadi aishiwe, na mteja anyamaze au afoke. Swali lenye njia mbili zilizo wazi humrudishia mteja usukani: jengo ni lake, na yeye ndiye anayejua kama darasa moja likiezekwa mapema linamsaidia kuomba malipo kwa mwenye kazi.

Sasa lile swali ulilomuuliza fundi. Kama kazi imesimama na mafundi wamekaa, namba moja na namba mbili zinabadilishana nafasi. Mtu ambaye vibarua wake wamekaa chini ya mti hana haja ya kusikia kosa ni la nani. Anataka kusikia gari linaondoka lini. Kama kazi bado inaenda kwa hizo 426, kukubali kosa kunatangulia, kwa sababu kinachomuuma ni kwamba aliuziwa mbao mbichi kwa bei ya kavu.

Namba nne inaonekana ndogo, lakini ina sababu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: fundi akianza kukata vipande kutoka kwenye zile 74, tarehe 12 dereva atakuta 50, na ubishi utaanza upya. Ya pili ni ya usalama, na meneja aiseme hata kama mteja ana hasira. Mbao zenye dawa ya CCA zina aseniki. Hazifai kuwa kuni. Moshi na majivu yake ni sumu, na kwenye saiti nyingi mama lishe huokota mabaki ya mbao kupikia. Sentensi moja inatosha: "Mzee, naomba zile zilizopinda zisiende jikoni, zina dawa."

Hatua ya nne: mwisho wa kamba ya meneja

Upande wa kulia wa karatasi, chora mstari na uandike kile ambacho meneja anaruhusiwa kutoa, kwa ngazi. Mwenye yadi aone ngazi hizi na azikubali kabla ya simu. Meneja anayesema "ngoja nimuulize bosi" mara mbili kwenye simu moja amejivua cheo, na mara nyingine mteja atampigia bosi moja kwa moja.

Ngazi ya kwanza ni kile kilicho kwenye hoja: mbao 74 bure, na gari la safari ya pili ni juu yetu ingawa LPO ina safari moja tu. Hii anaitoa bila kuombwa.

Ngazi ya pili, mteja akisukuma: zilizopinda zibaki kwake bila malipo. Fundi anaweza kupata vipande vifupi vya kuungia kenchi, kwa sababu mbao ya futi 12 iliyopinda ikikatwa mara tatu au nne, mpindo wa kila kipande unakuwa mdogo. Kwetu hazina soko tena. Ni zawadi yenye thamani kwake kuliko kwetu, ndiyo maana haitolewi mapema. Onyo la kutozichoma linabaki palepale.

Ngazi ya tatu: mteja aruhusiwe kufuta zile 164 na kuzinunua kwingine. Hapo atakuwa amepokea nzuri 636, thamani 6,042,000, na kilichobaki kulipwa ni 1,482,000. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi, meneja asianze kupiga hesabu huku mteja anasubiri.

Ngazi ya mwisho: mteja akikataa kila kitu, tunarudisha 513,000 na tunabeba zilizopinda kwa gharama yetu.

Kitu kimoja hakimo kwenye ngazi zote hizo: punguzo la bei. Meneja aliyebanwa hukimbilia "nitakupunguzia kidogo", kwa sababu ni rahisi kutamka. Tatizo ni kwamba oda ijayo mteja ataanzia kwenye bei hiyo iliyopunguzwa, na mwenzake atakayemuuliza atatajiwa hiyohiyo. Toa mbao, toa gari, rudisha pesa. Bei ya 9,500 usiiguse.

Hatua ya tano: maswali matatu atakayouliza

Andika majibu yenyewe, kama yatakavyotamkwa, nyuma ya karatasi.

"Kwa nini hamkuniambia wiki iliyopita?" Jibu: "Tulipaswa kukwambia tarehe 3. Hatukukwambia." Hapo meneja anyamaze. Shauku ya kuongeza "lakini" itakuwa kubwa, kwa hiyo weka nukta kubwa nyekundu mwishoni mwa jibu hilo.

"Nitajuaje na hizi hazitapinda?" Hapa ndipo kazi yako ya yadi inapolipa. Jibu: "Tumepima moja katika kila kumi, nyingine kutoka katikati ya mrundiko. Kesho jioni kabla ya kupakia nakutumia picha za kipimo. Zikifika, fundi wako azikague kwanza ndipo asaini. Na tafadhali aziweke kivulini juu ya vijiti, asizilaze chini." Ombi hilo la mwisho linapita vizuri likiwa ndani ya jibu, likisemwa peke yake linageuka lawama.

"Mafundi wangu wamekaa siku tatu, nani analipa?" Hili ndilo swali la hatari. Meneja asikubali, na asikatae. Akikubali amefungua hundi isiyo na kiwango. Akikataa amemaliza mazungumzo. Jibu: "Niandikie ni mafundi wangapi na siku ngapi. Kesho saa 10 jioni utakuwa na jibu langu." Na lazima kesho saa 10 awe na jibu kweli, hata kama ni la hapana.

Hatua ya sita: saa, mahali na salamu

Simu ipigwe saa 3 na nusu asubuhi. Saa 1 hadi saa 3 mkandarasi anagawa kazi, na kuanzia saa 4 watu wako kwenye chai. Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana usijaribu, hata kama hujui dini yake. Meneja atoke yadini: msumeno wa dingdong ukilia nyuma yake, mteja atasikia kazi ya watu wengine ikiendelea huku yake imesimama. Ofisi ikiwa na kelele, ndani ya gari lililoegeshwa panafaa. Itumike simu ya kawaida, si ya intaneti, na isiwekwe spika. Mtu akihisi anasikilizwa na kundi, huongea kwa ajili ya kundi.

Salamu haiachwi. Kama mteja ni mkubwa kwa umri, ni "Shikamoo, mzee", na isubiri iitikiwe. Kama ni wa rika moja, "Injinia, habari za kazi" inatosha. Ila ishie hapo. Mlolongo wa kuulizia nyumbani, mvua, watoto, ambao siku nyingine ungekuwa heshima, leo utaonekana ni kuzungukazunguka. Baada ya salamu kuitikiwa, sentensi inayofuata iwe na namba ndani yake: "Mzee, nimekupigia kuhusu mbao 74 zilizopinda. Ni kosa letu, na zote tunazibadilisha."

Baada ya sentensi hiyo mteja ataongea, pengine kwa dakika mbili tatu. Meneja aandike, asikatize. Akitajiwa namba tofauti, mathalani 90 badala ya 74, asibishane: "Dereva wetu na fundi wako watahesabu pamoja Alhamisi. Idadi watakayosaini wote wawili ndiyo tutakayobadilisha." Kisha arudi kwenye hoja namba mbili. Ikitokea mteja amekata simu kwa hasira, asimpigie papo hapo. Atume hoja mbili za kwanza kwa meseji, asubiri nusu saa, apige tena mara moja.

Hatua ya saba: meseji ya robo saa

Ndani ya dakika 15 baada ya simu, kile kilichokubaliwa kiende kwa maandishi. Iandae mapema ukiacha nafasi za kujaza, meneja ajaze na kutuma:

"Mzee, asante kwa muda wako. Tulivyokubaliana: (1) Mbao 74 zilizopinda tunabadilisha bila malipo. (2) Mbao 210 zinaondoka Mafinga Alhamisi tarehe 12, namba ya gari na ya dereva nakutumia Jumatano jioni. (3) Mbao 164 zinafika tarehe 26. (4) Suala la mafundi, nasubiri maandishi yako, jibu kesho saa 10 jioni. Kama kuna nililokosea, nisahihishe."

Nakala iende kwa mtu wa yadi na kwa mhasibu. Mtu wa yadi azitenge zile 210 siku hiyohiyo na kuzipiga alama ya chaki mwishoni, kwa sababu mteja mwingine akiingia kesho na pesa taslimu akakuta mbao kavu zimekaa bila alama, zitauzwa.